Njia ya Mwalimu

Mwalimu aliiweka picha juu ya kaunta, akaigeuza ili inielekee, akasema, "Mwanangu, picha ni nzuri, lakini njia hii si yangu."

Njia aliyoisema ni ile ya nywele, ule mstari wa ngozi unaobaki pale kitana kinapozigawa nywele pande mbili. Katika picha ilikuwa juu ya jicho lake la kulia. Yeye, alivyosema, tangu usichana wake huchana njia upande wa kushoto. Sherehe ya kumuaga kazini ilikuwa Jumamosi, na picha hiyo ndiyo ya kutiwa fremu.

Nikamwuliza swali ninalomwuliza kila mteja mwenye lalamiko hilo. "Kwani nyumbani unajitazama wapi, Mwalimu?"

"Kwenye kioo. Nijitazame wapi tena?"

Mtego wa kwanza upo hapo, na wengi hunasa. Mwenye njia upande wa kushoto akisimama mbele ya kioo, njia yake huiona upande wa kushoto. Kamera humwona kama anavyomwona jirani yake, ana kwa ana, kwa hiyo kwenye picha njia ileile hukaa upande wa kulia wa anayetazama. Aliyezoea kioo kwa miaka 60 humwona mtu wa kwenye picha kama ndugu yake wa mbali. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Mita, Dermer na Knight, walichapisha jaribio walilofanya juu ya jambo hili. Waliwaonyesha watu picha zao wenyewe, moja ya kawaida na nyingine iliyogeuzwa kama kioo. Wenye sura zao walielekea kuipenda iliyogeuzwa, na rafiki zao wakaipenda ya kawaida. Simu nazo zimezidisha mkanganyiko, kwa kuwa baadhi huihifadhi picha ya kujipiga ikiwa imegeuzwa na nyingine huirudisha kama dunia inavyotuona.

Ndiyo maana sigusi nywele za mtu kabla ya kuona ushahidi. Nilimwomba Mwalimu aniletee picha za zamani, akaja na tatu. Katika moja amevaa kanga na maandishi ya kanga yanasomeka vizuri, kwa hiyo haikugeuzwa, na njia yake iko kushoto kwake kama alivyosema. Ya pili ilikuwa hivyohivyo. Katika ya tatu, ya enzi za filamu, mfuko wa shati la mumewe uko kifua cha kulia. Fundi wa chumba cha giza aliiweka negativu upande usio wake, na hiyo nikaiweka kando. Kosa la namna hii limewahi kumpa mtu mkono asiokuwa nao. Picha mashuhuri ya Billy the Kid, mhalifu wa Marekani aliyepigwa picha kwenye bati karibu mwaka 1880, ilitoka imegeuka kama zilivyotoka kwa kawaida picha za bati. Bastola ikaonekana kiunoni upande wa kushoto, watu wakaamini miaka mingi kwamba alitumia mkono wa kushoto, na mwaka 1958 ikatoka filamu yenye jina la kudai hivyo.

Basi Mwalimu alikuwa na haki. Siku ya picha msusi ndiye aliyemgeuzia njia. Kumrudisha kitini hakukuwezekana, maana kesho yake alikwenda kusuka.

Mtu atasema, si uigeuze picha nzima kama kioo, yaishe? Njia itahama kweli, lakini na saa itahamia mkono mwingine, na vifungo vya blauzi, na baka dogo lililo shavuni mwake. Watoto wake wangejua kuna kitu hakikai sawa hata kama wasingeweza kukitaja. Tukakubaliana uso usiguswe, nywele tu ndizo zihame.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la mvivu, na ninalieleza kwa sababu ndilo kosa ninalolikuta kila mara katika kazi za watu. Nilizikata nywele zote kwa uangalifu, nikazigeuza kama kioo, nikazirudisha juu ya uso uleule. Ilinichukua dakika 20. Ukiiangalia kwa haraka, njia imehama. Ukitulia, mwanamke yule amevaa wigi, tena wigi lililochorwa mstari wa chaki.

Chanzo cha chaki ile ni mwanga. Mwalimu alikaa karibu na dirisha, na dirisha lilikuwa kushoto kwa picha, juu kidogo ya kichwa chake. Njia yake ya siku ile ilikuwa upande huohuo wa dirisha, kwa hiyo ngozi ya kichwani ililipokea jua la mchana moja kwa moja, ikawa nyeupe kuliko paji la uso. Ni kawaida, kwani ngozi iliyofunikwa na nywele haichomwi na jua kama ya usoni, na kwa wanaopaka mafuta hung'aa pia. Mimi nikauchukua mstari ule uliokuwa ukitazama dirisha, nikaupeleka upande wa pili wa kichwa, ambao umelipa dirisha kisogo. Mwanga haufiki kule kwa nguvu ile.

Ifikirie njia kama bonde jembamba kati ya kingo mbili. Ukingo mmoja ni mrefu, kwa sababu nywele nyingi hulazwa upande huo na huinuka kidogo zinapotoka kwenye ngozi kabla ya kulala. Ukingo wa pili ni mfupi, nywele zake chache zimelala kuelekea sikio. Sakafu ya bonde ni ngozi. Sasa weka taa upande mmoja wa bonde na utazame kinachotokea. Njia ikiwa upande wa taa, kama ilivyokuwa kwa Mwalimu, taa hupita juu ya ukingo mfupi bila shida, huimulika sakafu na kugonga ukingo mrefu usoni. Njia ikihamia upande wa mbali, ukingo mrefu ndio unaosimama kati ya taa na bonde. Kivuli chake huanguka juu ya ngozi, huenda hata kikagusa mashina ya ukingo wa pili. Mstari uliokuwa mweupe sasa unapaswa kuwa wa kahawia iliyofifia, mweusi kuliko paji la uso, na sehemu nyingine usionekane kabisa.

Nililifuta jaribio lile nikaanza upya. Safari hii nilianza na kilicho chini ya nywele.

Nywele nyingi zilikuwa zimelazwa kulia kwa picha, zikifunika panja la upande huo. Zikihamia kushoto, panja lile litabaki wazi, na katika picha halipo. Kamera haikuliona. Kwa hiyo nililiazima panja la upande wa pili, lile lililokuwa wazi, nikaligeuza kama kioo na kuliweka katika tabaka lake peke yake juu ya picha. Umbo la mstari wa nywele lilikubali, kwa sababu vichwa vyetu hukaribia kulingana pande mbili. Mwanga ndio haukukubali, kwa hiyo panja lililotoka upande wa dirisha nililipunguzia mwanga kwa Curves mpaka rangi yake ikafanana na shavu la upande ule wa kivuli. Shavu ndilo kipimo changu, halidanganyi. Mwisho nilirudisha malaika, vile vinywele laini vinavyoota ukingoni mwa paji. Bila malaika, mstari wa nywele huonekana kama umekatwa kwa mkasi, na jicho la mwanamke yeyote aliyewahi kukaa saluni hulibaini hilo kabla hujamaliza kuuliza.

Kisha nikaiziba njia ya zamani. Hapa wanaoanza huchukua Clone Stamp na kuipitisha juu ya mstari, ngozi ikapotea na mahali pake pakatokea kiraka cha nywele zisizoelekea popote. Tatizo ni mwelekeo. Pale penye njia nywele hutoka zikielekea pande mbili, na ukiificha ngozi bila kubadili mwelekeo, unabaki na nywele zinazokimbiana bila sababu. Nilichukua kipande kipana cha nywele karibu na utosi, mahali zinapoelekea upande mmoja, nikakipinda kwa Warp hadi nywele zikavuka njia ya zamani kwa ulalo, zikitoka kulia kwa picha na kushukia kushoto. Kingo za kipande hicho nilizifuta kwa brashi laini, nikifuata nywele zenyewe na kuacha baadhi zichomoze.

Fungu kubwa la nywele nililipata kwa kugeuza lile la awali, kama katika jaribio la kwanza, ila sasa niliua mwanga wake wa zamani. Nilishusha sehemu zinazong'aa hadi nywele zikawa za wastani mahali pote. Juu yake nikaweka tabaka la kijivu cha asilimia 50 katika hali ya Soft Light, na humo nikapaka weupe mdogo pale nywele zinapotazama dirisha na weusi mdogo zinapolipa mgongo. Mng'ao wa nywele laini hukaa kama ukanda unaokata nywele kwa upana, haukimbii pamoja nazo. Ukiupaka kwa urefu wa nywele utapata kichwa cha plastiki.

Baada ya hayo ndipo nilipofungua njia mpya, na hesabu kidogo ikahitajika. Kichwa cha Mwalimu, kutoka kidevuni hadi utosini, kilichukua karibu pikseli 2,200. Kichwa cha mtu mzima kina kama sentimita 22, kwa hiyo milimita moja ni pikseli 10. Njia iliyochanwa vizuri kwenye nywele za kujaa ina upana wa milimita moja hadi mbili, yaani pikseli 10 hadi 20. Unywele mmoja una unene ulio chini ya sehemu ya kumi ya milimita, ambao haufiki hata pikseli moja. Kwa kipimo hicho, anayechora mashina kwa brashi ya pikseli tano anachora nyaya za umeme. Mimi nilitumia brashi ya pikseli moja, mara chache mbili, na kalamu ya kuchorea inayosikia mkandamizo wa mkono, ili kila mstari uanze na unene na uishie na wembamba.

Njia haikai kama rula. Huufuata mviringo wa kichwa na kuelekea kule nyuma kwenye kizingo, pale nywele zinapozunguka utosini. Mtu akipigwa picha ana kwa ana, kamera ikiwa usawa wa macho, tunaiona sehemu ndogo tu ya mwanzo wake, nayo hupungua upana inavyorudi nyuma kwa sababu kichwa kinatugeukia mbali. Kwa Mwalimu ilikuwa sentimita tatu hivi. Niliianzia juu ya katikati ya nyusi yake ya kushoto, nikaipinda kidogo, nikaiacha ipotelee ndani ya nywele. Rangi ya sakafu niliichukua kwenye lile panja jipya la kivulini na kuiongezea weupe kidogo sana.

Kazi yenyewe ni mashina. Nilivuta picha karibu hadi jicho la Mwalimu likajaza kioo cha kompyuta, nikaitazama njia yake halisi katika picha ya asili kana kwamba naisoma. Nywele hazioti kwa kupangwa kama miche ya mahindi. Hutoka mojamoja, mbilimbili, tatutatu kwenye tundu moja, halafu panabaki nafasi, halafu tena. Baadhi huota katikati kabisa ya njia, kwa sababu kitana hugawa nywele bila kuziuliza zimeota wapi. Kuna na zile zinazovuka kwenda upande usio wao.

Halafu kulikuwa na jambo ambalo karibu linipite. Nywele za Mwalimu zina dawa. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na dawa yake ilikuwa na miezi miwili hivi. Maana yake sentimita mbili za kwanza kutoka kwenye ngozi hazikuwa nywele zilizonyooka. Zilikuwa nywele zake mwenyewe, za kipilipili, nene na zilizoinuka, kisha ndipo zinyooke. Kwa hiyo ukingo wa njia yake haukuwa mkali, ulikuwa na kimo na ukungu kidogo. Nilikuwa nimeanza kuchora vistari vilivyonyooka kutoka kwenye ngozi, kama ningemchorea mwanamke wa Kihindi. Nilivifuta. Badala yake nilinakili vipande vidogo vya mashina kutoka njia ya zamani, kimoja kimoja, nikavipindua na kuvigeuzageuza ili viwili vinavyofanana visikae jirani, na brashi ikabaki ya kuunganisha tu. Rudio ndilo linalowaumbua mafundi. Jicho haliwezi kuhesabu nywele, lakini kitu kilichojirudia hulivuta mara moja.

Vivuli vilikuja mwisho, na ni vya aina mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Cha kwanza ni cheusi chembamba kinachokaa pale unywele unapotoka kwenye ngozi, pande zote mbili za njia, kwa sababu mwanga hauingii vizuri katikati ya mashina yaliyosongamana. Upana wake ni pikseli chache tu. Cha pili ni kivuli cha ukingo mrefu kinachoanguka juu ya sakafu ya bonde. Hiki ni kipana zaidi, kina upande mmoja tu, na ukali wa ukingo wake hutegemea taa. Dirisha pana hutoa kivuli chenye mpaka laini, jua la saa saba hutoa chenye mpaka mkali. Vyote viwili nilivipaka katika tabaka la Multiply, kila kimoja na lake, kwa kahawia ya giza niliyoichovya chini ya kidevu chake. Kivuli juu ya ngozi hakiwi cheusi tupu. Ukitumia nyeusi, njia hugeuka kijivu kama jivu na mtu huonekana mgonjwa.

Nilidhani nimemaliza. Nikaipunguza picha hadi ukubwa wa stempu, na bado kulikuwa na neno. Ikanichukua muda kuling'amua. Zamani nywele zilipolala kulia, dirisha liliumulika uso kabla ya kuzifikia, na kivuli chake kilianguka nyuma, mbali na paji. Sasa nywele zimelala kushoto, kati ya dirisha na uso, na paji la chini yake bado linang'aa kama zamani. Nywele zile hazikuwa zikizuia mwanga. Niliongeza kivuli laini chini ya ukingo wake, kizito pale zinapogusa ngozi na chepesi kinavyoelekea nyusi, na papo hapo zikakaa kichwani. Nilikumbuka na ukuta wa nyuma. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umenenepa kwa nywele, sasa umepungua, lakini kivuli cha ukutani kilikuwa bado na unene wa jana. Nikakipunguza.

Kukagua kazi kama hii ni rahisi ukijua pa kutazama. Igeuze picha kama kioo kwa muda, macho yaliyoizoea yataona kosa kama la mgeni. Iondoe rangi, uone kama njia inang'aa kuliko pua, maana pua karibu siku zote hupata mwanga mwingi kuliko bonde la kichwani. Angalia pia chembechembe. Kila picha ina chengachenga za kamera, na sehemu uliyoichora kwa brashi haina, huwa laini kama sabuni. Ongeza Add Noise kidogo mpaka zifanane.

Zipo kazi ninazozikataa. Ya kwanza ni picha iliyopitia WhatsApp mara tatu, kwa sababu humo hakuna nywele tena, kuna ukungu wenye umbo la nywele, na ukichora mashina safi juu yake yataelea. Ya pili ni nywele zilizosukwa. Msuko mmoja ukihama, mistari yote ya kichwa inadai kuhama nao, na huo ni ususi mpya. Picha za pasipoti na vitambulisho sizigusi kabisa, mtu aingie nazo kama alivyo. Kinyume chake, ile njia ya wembe wanayokatwa vijana kwa kinyozi ni kazi nyepesi. Mstari wake ni mpana na ukali wake ni wa kweli, nywele fupi za pembeni hazina mwelekeo wa kusumbua, na kuiziba ni kunakili tu nywele fupi zilizo jirani.

Mwalimu alikuja Ijumaa jioni na binti yake. Binti aliitazama picha, akasema mama amependeza, akauliza fremu ni bei gani. Mwalimu mwenyewe aliitazama kwa muda mrefu zaidi. "Ndiyo mimi," alisema, "ila mbona njia haionekani vizuri?"

Nikamwonyesha dirisha lilikuwa wapi.

Kazi ile ilinila saa tano, ukiacha lile jaribio nililolitupa. Ukienda studio, mwambie mpiga picha njia yako iko upande gani kabla hajaanza kupiga, na umwombe kitana.